Tarehe Moja ya Théodore

Kila jioni, kabla ya kula, Tonton Cyprien aliitoa kalenda kwenye msumari, akafunua ukurasa wa mwezi unaofuata, akaweka kidole juu ya siku ya kwanza, kisha akairudisha mahali pake. Alifanya hivyo hata mwezi ukiwa bado mchanga. Alifanya hivyo hata alipokuwa hana tena mtu wa kumpangia zamu. Mkewe, Clémence, alisubiri kidole kiondoke ndipo apakue chakula. Wageni walidhani ni aina ya sala.

Alikuwa mdogo wa baba yangu, Octave. Walizaliwa wote wawili kando ya maporomoko ya Kisangani, lakini Tonton alisoma kwa mapadri na akapata kazi ya karani katika ghala la mchele mjini. Alivaa shati jeupe hata siku za kushuka kwenye mawe, na wavuvi walimcheka kwa hilo, naye alicheka pamoja nao. Kuliko wote alimpenda Théodore, aliyekuwa rafiki yake tangu utoto. Walibatizwa siku moja. Mmoja akiumwa, mwingine hakula.

Nyumba yetu, nyumba ya Théodore na nyumba ya Papa Camille zilivua mahali pamoja. Palikuwa na miti mikubwa iliyosimamishwa kwenye mashimo ya mwamba, na mtego mmoja mkubwa wa kikapu ulioning'inia katika maji makali. Leo tulivua sisi, kesho Théodore, kesho kutwa Papa Camille, kisha zamu ikarudi kwetu. Hakuna aliyehesabu. Kulikuwa na nyundo ya mti ya kukazia vigingi, na nyumba iliyomaliza kuvua iliipeleka jioni kwa nyumba inayofuata. Aliyelala na nyundo ndiye aliyevua kesho yake.

Miaka ile ya hamsini wanaume wengi walianza kazi za mjini, bandarini na kwenye reli. Walitaka kujua mapema siku gani wataomba ruhusa, na nyundo haisemi habari za wiki ijayo. Tonton akaona njia. Mwisho wa Agosti aliwakusanya wenye nyumba uani kwetu, kalenda ya misheni mkononi.

"Bon," alisema. "Nyundo imefika kwa Octave leo, donc kesho tarehe moja ni yake. Tarehe mbili ni ya Théodore. Tatu, ya Papa Camille. Nne, Octave tena. Saba, kumi, kumi na tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mutu ajue tarehe zake, mwezi huu na mwezi mwingine, mwaka mzima."

"Na nyundo?" aliuliza Papa Camille.

"Nyundo itapumzika. Iko muzee kama wewe."

Papa Camille akacheka mpaka akakohoa. Wakakubali.

Septemba ikaenda vizuri kabisa. Ina siku thelathini. Siku ya mwisho alivua Papa Camille, na tarehe moja ya Oktoba ikarudi kwetu kama ilivyopasa. Tonton alipita nyumba hadi nyumba akipokea pongezi. Lakini Oktoba ina siku moja zaidi. Tarehe thelathini na moja ikawa ya baba yangu, na kesho yake, tarehe moja, Sikukuu ya Watakatifu Wote, samaki wakitafutwa kila nyumba, ikawa ya baba yangu tena. Kwa nyundo, siku ile ingekuwa ya Théodore.

Georgette, mke wa Théodore, alikuja na beseni lake tupu akalikuta la mama yangu limejaa.

"Tonton Cyprien," alisema kwa sauti ya kusikika na majirani, "calendrier yako iko na macho, eh? Inaona sikukuu, inaenda kulala kwa Octave!"

"Mama Georgette, mwezi umeanza upya. Kesho ni yenu."

"Mwezi umeanza upya. Na tumbo langu, nalo limeanza upya?"

Watu walicheka. Théodore naye alicheka, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Mambo yangeweza kuishia hapo.

Desemba, Théodore alipanga kumaliza matanga ya mama yake siku ya Mwaka Mpya. Wajomba zake wangepanda kwa mitumbwi kutoka Yanonge, nao ni wavuvi, watu wa kukagua samaki wa mwenzao kabla ya kuuliza habari. Jioni moja alikuja kwetu kumwona Tonton. Nilikuwa nikichambua pondu, majani ya muhogo, barazani, nikawasikia.

"Ndugu yangu, Desemba iko na thelathini na moja."

"Ndiyo."

"Donc Octave atavua siku ya mwisho. Na kesho yake, Octave tena. Kama nyundo ingekuwa inatembea, kesho yake ni mimi."

Tonton alianza kuhesabu kwa vidole. Vidole vilifika mahali fulani, akaacha kuhesabu, akakunja mkono.

"Théodore, tukianza kubadilisha kwa ajili ya sherehe ya mmoja, kila mutu ataleta sherehe yake. Papier ni papier, kilichoandikwa kimeandikwa. Omba Octave akuachie."

"Siombi siku yangu," alisema Théodore. Akaaga vizuri, kwa majina yetu wote.

Baba yangu angempa, kama angeombwa. Hakuombwa. Siku ya matanga Georgette alipika makayabo, samaki wa chumvi wa dukani aliyetoka Ulaya, akawaandalia watu wa Yanonge hatua chache kutoka kwenye maporomoko. Mjomba mmoja mzee aliinua kipande kwa ncha za vidole akauliza kama mto wa Kisangani umekauka. Wageni walicheka kwa adabu. Théodore hakula. Kabla Januari haijafika katikati alifunga nyumba, akahamia Bengamisa kwa ndugu za Georgette, kulima mpunga. Mtu ambaye miguu yake ilijua kila jiwe la maji akawa anafukuza ndege shambani.

Mwisho wa Januari zamu ikaangukia kwetu mara mbili tena. Clémence ndiye aliyesema, akikoroga chungu: "Nyumba ya kaka yako haichoki?" Tonton akaitoa kalenda, akakaa nayo. Aliona alichokiona: tatu haigawi thelathini na moja bila kubakiza moja, na yeye kila mwezi alikuwa akiitupa ile iliyobaki na kuanza upya kwa nyumba ile ile. Hata Februari ingefanya hivyo. Zamu haijui mwezi. Mwezi ukimalizikia kwa nyumba ya kwanza, unaofuata lazima ufunguliwe na ya pili. Akaandika tarehe zote upya, zikivuka kutoka ukurasa hadi ukurasa bila kukatika.

Alipanda lori kwenda Bengamisa na kalenda mpya imefungwa kwa kitambaa. Alimweleza Théodore hesabu yote, saa nzima, jinsi Septemba ilivyomdanganya, jinsi nyumba yetu ilivyotangulia kwa sababu tu nyundo ilikuwa kwetu jioni ile. Théodore alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesahihisha karatasi," alisema. "Ni vizuri."

Akamletea maji ya kunywa, akamsindikiza barabarani. Hawakuonana tena. Tonton alisimulia safari ile mara nyingi, na kila mara alieleza hesabu, vizuri zaidi na zaidi, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Alianza kuumwa mwaka hamsini na tisa. Nilipokwenda kumuaga kabla ya kurudi shuleni, alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amelala. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Angèle. Ukipita Bengamisa, usimweleze hesabu. Mwambie tu ile tarehe moja ilikuwa yake, na nilijua tangu jioni ile, vidole vyangu vilipofika pale."