Barua Themanini na Sita za Njia ya Kinondo

Esha hakuwahi kumwambia mtu, lakini karibu wote aliofanya nao kazi aliwadharau, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mkuu wa jikoni kwa kuandika barua pepe kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayemfokea kiziwi. Mkuu wa askari kwa kuuliza leo jambo lililojibiwa juzi. Zaidi ya wote aliwadharau wale ambao, wakiletewa jambo zito la kufikiri, hujibu kwa neno moja, *Noted*, tena hulituma kwa wote, ili watu kumi na mmoja waache kazi zao wakashuhudie kwamba mtu fulani ameona. Ameona nini? Hakuna ajuaye. Neno hilo lilimchefua.

Alikuwa na miaka hamsini na moja, mzaliwa wa Kinondo, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa katibu wa meneja katika hoteli moja ya Diani, chumba cha pili baada ya mapokezi, penye kiyoyozi kinachovuja ndani ya ndoo. Mameneja sita wamepita mbele yake. Wa sasa, Bwana Tembo, alikuwa na afadhali, maana alijua kwamba hajui. Siku ya Alhamisi alimpigia simu akiwa Nairobi.

“Bi Esha, habari za asubuhi. Ule mlolongo wa barua pepe za njia umenishinda. Ni barua ngapi sasa?”

“Themanini na sita, bwana.”

“Subhana! Na kesho saa tisa natua Ukunda, saa kumi natakiwa nimtilie saini mkandarasi aanze ukuta Jumatatu. Nifanyie karatasi moja. Mambo yalianzaje, nini kimeshaamuliwa, nini bado. Nitaisoma kwenye gari.”

“Utaikuta tayari.”

Njia yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa kichochoro cha mchanga ubavuni mwa hoteli, ambacho wanawake wa Kinondo hupita maji ya bahari yakitoka, kwenda mwambani kutafuta pweza. Mama yake Esha, Mwanafatuma, aliipita kwa miaka arobaini. Hoteli ilitaka kuiziba kwa ukuta, na wanawake wazunguke mbali, karibu saa nzima kwa miguu, wakati maji hayamngoji mtu. Ikitiwa saini, njia imekwenda. Kwa hiyo Esha alijihadhari na nafsi yake. Alijiambia kwamba karatasi hii haitakuwa ya mama wala ya hoteli, itakuwa ya yaliyoandikwa basi.

Alianza anavyoanza siku zote, kutoka chini, barua ya kwanza kabisa, akipanda. Wajinga husoma ya mwisho wakadhani wameelewa. Akachora daftarini safu nne, tarehe, nani, kasema nini, na je, ana mamlaka ya kulisema. Hiyo ya nne ndiyo wasomi wengi huiruka. Mkuu wa jikoni alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa kwamba UKUTA UWE NA GETI. Vizuri, lakini ukuta wa mkuu wa jikoni ni ule wa jikoni. Hilo ni pendekezo, halikujibiwa na mtu, likaenda kwenye maswali. Bwana Tembo alitaka ukuta wa mita mbili, na wiki moja baadaye akasema mita moja na nusu ili wageni waone bahari. Uamuzi ni ule wa pili, na ule wa kwanza ni historia. Katikati mtu mmoja alikuwa amejibu barua ya zamani badala ya mpya, mlolongo ukapasuka vipande viwili, na kwa siku tisa kundi moja likabishana kuhusu mita mbili na jingine kuhusu mita moja na nusu, kila moja likishangaa mwenzake ni mbishi namna gani. Esha alicheka peke yake, kicheko kikavu. Watu wazima hawa, wenye digrii.

Alipotoa salamu, saini, nukuu zilizojirudia na akina *Noted* kumi na saba, barua themanini na sita zilibaki ishirini na moja zenye neno.

Jambo moja ndilo lililomkera. Kuanzia barua ya thelathini na nane, kila mtu alisema wazee wa Kinondo wamekubali. Mkandarasi alisema. Mkuu wa askari alisema. Alipofuata nyuma nani alimwambia nani, wote waliishia kwa mtu mmoja, Luqman, naibu meneja, aliyeandika, “Kama tulivyokubaliana na wazee.” Tulikubaliana lini? Wapi? Hakuna tarehe wala jina. Sentensi moja ya ovyo, na watu saba wakairudia mpaka ikawa kweli.

Basi akatafuta wazee wenyewe walisema nini, akaikuta barua ya ishirini na tisa, yenye kiambatisho. Ilikuwa picha ya barua iliyoandikwa kwa mkono, safi, na Abdurahman, katibu wa kamati ya wazee.

“Asalaam aleikum. Tumepokea ujumbe wenu kuhusu njia, na tunashukuru kwa heshima mliyotupa. Tunamkaribisha mkubwa wenu Jumamosi tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, aje akae nasi tuzungumze. Wabillahi tawfiki.”

Hapo hamna ndiyo wala hapana. Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba wazee hawamkatalii mgeni kwa karatasi, wala hawamkubalii. Wanamwita akae kwenye mkeka, anywe kahawa, ndipo neno litoke. Luqman ni mtoto wa Jego, kijiji cha pwani kusini zaidi, alikua ndani ya adabu hiyohiyo. Esha alimdharau maradufu.

Kisha akaikumbuka tarehe kumi na nne.

Jumamosi ile jioni alimkuta mama yake nyumbani Kinondo ameuma midomo. Walitandika mikeka tangu asubuhi, mama akasema, na kahawa ikapikwa mara tatu. Wakawangoja wakubwa wa hoteli mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Hakuja mtu, hata wa kuomba radhi. “Na wewe unafanya kazi na watu gani, mwanangu?” Esha akajibu kwa sauti kubwa, wanawake wa ua wote wakasikia, “Wale, mama? Wale hawana adabu. Hawakulelewa.”

Akaifungua barua ya thelathini. Ilitoka kwa Luqman, na ilikuwa ya mstari mmoja. “Esha, tazama kiambatisho, tafadhali weka kwenye shajara ya meneja.”

Akaifungua ya thelathini na moja. Ilitoka kwake mwenyewe, dakika mbili baadaye.

“Noted, ahsante.”

Aliketi akiitazama. Alikumbuka wiki ile, kulikuwa na harusi ya wageni mia mbili, na alikuwa akijibu barua huku simu imebanwa begani. Kiambatisho hakukifungua. Shajara ilikuwa hapo mezani, akaifunua tarehe kumi na nne. Palikuwa peupe.

Luqman aliingia bila kubisha hodi, bila shikamoo, kijana wa miaka thelathini na nne, manukato yakimtangulia.

“Esha, ile karatasi ya bosi. Kwenye maamuzi, weka ile ya wazee wamekubali.”

“Walikubali wapi, Luqman?”

“Si waliandika wanashukuru?”

“Wewe ni mtu wa Jego. Kwenu mkipeleka posa, wazee wakashukuru kwa heshima mliyowapa, mmeshapewa mke?”

Alicheka kidogo, akaegemea mlango, kisha akasema taratibu, “Sikiliza. Siku ile nilijua hakuna aliyekwenda. Na nimeiona ya thelathini na moja pia. Tukiweka wamekubali, nani ataanza kufukua barua za zamani? Wewe una miaka yako kumi na tisa hapa. Mimi nina yangu. Tulale salama sote.”

Alipotoka, kilichomuumiza Esha kilikuwa lile neno *sote*. Mtu yule, na manukato yake na sentensi zake za ovyo, alikuwa amemhesabu kuwa mwenzake, na hesabu yake haikuwa na kosa.

Akaandika karatasi. Kwenye chanzo, mistari minne. Kwenye maamuzi, mawili tu, urefu wa ukuta na jina la mkandarasi, kila moja na tarehe na aliyeamua. Kwenye maswali, la kwanza: “Wazee wa Kinondo hawajatoa jibu. Waliomba kikao. Nani atakwenda, na lini, kabla ya saini?” Akarudi kwenye chanzo kuongeza mstari wa tano. Aliandika kwanza, “Mwaliko haukuingizwa kwenye shajara.” Akausoma. Ulikuwa mstari mzuri, usio na mtu ndani yake, wa aina ileile aliyowacheka watu kwayo miaka yote. Akaufuta. “Mwaliko ulimfikia Esha tarehe sita. Alijibu kwamba ameupokea bila kuufungua. Hakuuingiza kwenye shajara.” Akaweka namba za barua, ishirini na tisa hadi thelathini na moja, asije mtu akadhani anajitwisha kosa la mwenzake kwa ukarimu.

Ijumaa Bwana Tembo aliisoma kwenye gari, akaisoma tena amesimama mbele ya meza yake. Alimwita Luqman akamuuliza swali moja, alikubaliana na mzee yupi. Saini haikutiwa.

“Jumatatu tunakwenda Kinondo,” Bwana Tembo akamwambia Esha. “Wewe na mimi. Hilo la mstari wa tano utalisema mwenyewe.”

Ukuta ulikuja kujengwa, miezi miwili baadaye, ukaiacha njia upana wa wanawake wawili wenye ndoo kichwani. Lakini hayo yalizungumzwa mwisho. Jumatatu ile kwanza walikaa mkekani, wazee upande mmoja, wanawake wa pweza upande wa pili na Mwanafatuma kati yao, salamu zikaenda zikarudi mpaka zikaisha. Ndipo Abdurahman akauliza kwa upole, kama anayeulizia afya.

“Ile barua yetu, ilimfikia nani?”

Bwana Tembo akamgeukia Esha.

“Ilinifikia mimi,” Esha akasema. “Sikuifungua. Mlingoja kwa sababu yangu. Naomba radhi.”

Mwanafatuma akainuka, akachukua birika. Akammiminia Bwana Tembo. Kisha akaja mbele ya binti yake, ambaye kwao hujimiminia mwenyewe tangu utotoni, akamshikia kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

“Karibu kahawa, mgeni,” akasema.