Mhusika: Ofisi

Kila baada ya kikao pale Kyela, barua pepe ya maazimio nilikuwa naiandika mimi. Nilitoka Singida kufanya kazi kwenye mradi wa mbegu za mpunga, na nilikuwa mkali kwa jambo moja: kila azimio liwe na mhusika mmoja na tarehe ya mwisho. Wenzangu walinitania kwamba hata chai ningeiandikia mhusika. Walitania, lakini kazi zilifanyika.

Siku hiyo tulizungumzia ghala la Ngana. Bati lilikuwa linavuja, na ndani mlikuwa na mbegu za akina mama wa kikundi, zikisubiri kupandwa. Tulikubaliana paa lizibwe kabla ya mvua kuanza. Ghala lile lilikuwa chini ya afisa ugani wetu, mzee wa huko huko, lakini hakuwepo kikaoni. Alikuwa amefiwa na kaka yake.

Nilipoanza kuandika jina lake, mwenyekiti alinizuia.

"Mtu yuko msibani, dada. Hatumtupii kazi. Weka Ofisi."

"Ofisi ni nani?" nikauliza.

"Ofisi ni sisi sote."

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mimi mgeni ningebishana nao juu ya msiba? Niliandika: kuziba paa, mhusika Ofisi, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Nikatuma kwa wote, naye mzee akiwemo, kwa sababu anwani yake ilikuwa kwenye orodha siku zote. Majibu yakaja: nimepokea, asante, tuko pamoja.

Katika maazimio mengine ya siku ile, lori la mbolea lilikuwa na jina la dereva, likaenda. Ripoti ilikuwa na jina langu, ikaenda. Ijumaa ya paa ilipita kimya, kila mmoja akiamini mwenzake ameshaenda Ngana. Mimi nilidhani mwenyekiti, na mwenyekiti, nilikuja kujua, alidhani mimi. Kisha mvua ikashuka, kwa namna inavyoshuka Kyela, bila kumsubiri mtu.

Mzee alirudi kazini akatukuta tumeinamisha vichwa. Nilimweleza. Nilimwambia pia kwa nini hatukumwandika, kwamba tulimhurumia.

"Ndaga," alisema, akimaanisha asante, na alimaanisha kweli. Halafu akakaa. "Barua niliisoma, mwanangu. Niliisoma nikiwa nyumbani msibani. Fundi wa mabati alikuwa pale, tumekaa naye mkeka mmoja. Nilitaka kumwambia, nikaona mmeandika Ofisi. Nikajua mmeshapanga mtu."

Roho iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu tungemwandika angeifanya kazi ile bila kuinuka alipokaa.

Akina mama walikuwa hawajaambiwa kwamba mbegu zao zimeota ndani ya magunia. Tulianza kujadili nani aende. Tulipokuwa bado tunatazamana, mzee alichukua kofia yake, akatoka kutafuta bodaboda ya Ngana.