Picha ya Nanasi la Mdogo Wake

Kwenye banda la kufungashia matunda walimwita Mama Kipimo, na jina hilo hakulipata kwa kugawa chai. Kwa miaka kumi na tisa wakulima wamekuwa wakimtumia picha ya nanasi lililo bado shambani, naye hujibu neno moja: kata, au ngoja. Nanasi si ndizi jamani. Likishakatwa haliongezi utamu, hata ulilaze kitandani ulifunike blanketi.

Asubuhi hiyo simu ilipolia aliogopa kuishika. Wiki iliyopita alimwambia mkulima mmoja akate, na mzigo ukarudishwa, mchachu kama ndimu. Akasingizia wakataji. Moyoni aliujua ukweli: siku hizi kila kitu anakiona cha manjano, hata ukuta mweupe wa jikoni kwake. Macho yameingia ukungu na hajamwambia mtu. Mpimaji asiyeona rangi nani atamweka kazini?

Picha ya leo ilitoka kwa mdogo wake, kitinda mimba, jirani wa mkulima yule yule. Lilikuwa shamba lake la kwanza. Wakataji walikuwa wamesimama na mapanga, lori linanguruma, na alichotaka ni neno tu.

Nanasi lilionekana la manjano toka kitakoni hadi mabegani. Akaikuza picha. Kishungi cha majani kichwani kilikuwa kimesimama, hakijanyauka, lakini hicho husema tunda halijachoka, hakisemi limeiva. Akatazama umbo. Nanasi lililokomaa hujaa mabegani, macho ya ganda, yale magamba yake, yakapanuka na kulala bapa. Hili mabega yalikuwa membamba, macho yamechongoka. Rangi ilisema kata, umbo likasema ngoja.

Simu ikaita. Mdogo wake alisema dereva wa lori hasubiri tena. Mama Kipimo alijua njia rahisi ipo: aseme kata, kesho awalaumu wakataji kama wiki iliyopita. Lakini huyu alimbeba mgongoni mwenyewe, akamfundisha kutembea.

"Mdogo wangu, hebu niambie wewe. Hilo ganda lina rangi gani?"

Yule akacheka, akidhani dada anamtania. Mama Kipimo hakucheka.

"Kijani, dada. Limeanza kugeuka kidogo tu pale chini. Wakataji ndio wanaosema linatosha."

"Wasikate hata moja. Ngoja."

Alimsikia akiwaambia watu waweke mapanga chini, kisha lori likaondoka tupu, sauti yake ikififia. Alishusha pumzi, akidhani yamekwisha. Mdogo wake akarudi kwenye simu, safari hii akizungumza chinichini, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Dada, nanasi lile la jirani yangu wiki iliyopita, wewe uliliona la rangi gani?"

Banda zima lilikuwa kazini, misumari ikigongwa kwenye makasha. Alitazama kushoto na kulia, akaliona kila kasha la manjano.

"Manjano," akasema.