Tarehe Iliyokatwa kwa Wino

Kiherehere changu cha usafi ndicho kilichomponza yule mama. Nalisema mapema ili msomaji asije akawalaumu watu wa viza, ambao walifanya kazi yao, wala pasta, ambaye kosa lake dogo alikuwa amelisahihisha kama inavyotakiwa.

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa na meza moja katikati ya jiji la Nairobi, orofa ya tatu, kwenye chumba nilichokodi pamoja na fundi wa mihuri ya mpira. Nilikuwa nimesoma Korea miaka kadhaa, na niliporudi nikakuta watu wanaoweza kuandika Kikorea hapa kwetu ni wa kuhesabika. Wamisionari wa Kikorea wa kanisa moja la Kilimani wakaanza kunitumia watu, na watu hao wakatumana wenyewe. Nilivimba kichwa. Nyumbani, mtaa wa Jamhuri, majirani waliniita Mkorea, nami sikuwakataza.

Mama yule alitoka mtaa wa Woodley, mwalimu wa chekechea, mimba ya miezi mitano, ameshika mkono wa binti yake mdogo. Mume wake alikuwa Korea akisomea udaktari wa falsafa. Alikuwa amepata nyumba ya chuo ya wanafunzi wenye familia, amekwisha kuzungumza hata na hospitali. Kilichobaki ni mke na mtoto wafike kabla tumbo halijawa kubwa mno kwa ndege.

"Auntie, nataka huyu azaliwe babake akiwa hapo nje ya mlango," aliniambia. "Huyu wa kwanza alizaliwa akiwa kwa mitihani. Hii ya pili ameapa hataikosa."

Akatoa kwenye bahasha ya plastiki karatasi mbili za kutafsiriwa kwa ajili ya viza: cheti cha kuzaliwa cha binti na cheti cha ndoa.

Cheti cha kuzaliwa nilikitafsiri vizuri, na sijisifu bure. Wengi hudhani kutafsiri hati ni kugeuza majina na tarehe tu. La. Kila alama iliyo kwenye karatasi ina haki yake. Palipo na sahihi, unaandika kwenye mabano kwamba hapa pana sahihi. Palipo na muhuri, unaandika umbo lake, maneno yake na tarehe yake. Ukiwa umefifia, unasema umefifia. Mwandiko wa mkono usiosomeka, unasema hausomeki. Mwisho unaweka jina lako na sahihi, unatamka kwamba umetafsiri yote kwa ukweli bila kupunguza. Muhuri wa msajili kwenye cheti cha yule binti ulikuwa umeangukia ukingoni, nusu yake haipo. Niliandika hata hilo.

Kisha nikashika cheti cha ndoa.

Kilijazwa kwa mkono na pasta, kama vyeti vya kanisani vilivyokuwa vikijazwa, wino wa bluu, mwandiko wa mtu mwenye harusi nyingine inayomsubiri. Kwenye tarehe ya ndoa alikuwa ameandika Novemba, akaikata kwa mistari miwili, akaandika Desemba juu yake. Pembeni akaandika kwamba amesahihisha mwenyewe, akatia sahihi, akagonga muhuri wa kanisa mshazari. Kwa macho yetu ni jambo la kawaida kabisa.

Lakini mimi niliona aibu. Niliona karatasi ile mbele ya watu wanaopanga hata viatu mlangoni, nikawaza watatuonaje sisi. Nikaandika Desemba, safi, katikati ya mstari, bila mkwaruzo.

Mama yule alikuwa amesimama nyuma yangu akifuatisha kwa kidole.

"Na hizi za pasta hapa kando? Hutaziandika?"

"Achana nazo. Wao wanataka tarehe ya ukweli, si makosa ya pasta."

"Lakini ile ingine umeandika mpaka muhuri."

"Mwalimu," nilimwambia, "mimi nikufundishie watoto wako?"

Akacheka, akaomba radhi. Nikatia sahihi chini ya yale maneno kwamba sikupunguza kitu.

Simu ilikuja baada ya wiki chache. Faili limerudishwa. Alikuja ofisini akaketi bila kukaribishwa, miguu imeanza kuvimba, akanieleza polepole. Afisa wa viza aliweka tafsiri zangu mbili sambamba. Moja imetaja kila alama, nyingine haijataja yoyote. Akauliza nani alikata tarehe hii, lini, na kwa nini mtafsiri ameificha. Hapo cheti chenyewe kikaingiwa na shaka. Sasa walitaka nakala iliyothibitishwa na msajili wa ndoa, kutoka kwenye ile nakala ambayo kanisa lilimpelekea, pamoja na tafsiri mpya.

"Aliniuliza kama hiyo ndoa ni ya ukweli," akasema. "Nikamwonyesha pete. Sasa ningemwonyesha nini ingine?"

Nilitaka anitukane. Kama angenitukana ningejitetea, na nikishajitetea huwa napata nafuu. Hakunitukana. Aliniuliza tu ofisi ya msajili iko jengo gani.

Nilienda naye. Nilipanga foleni kwa niaba yake ili akae kwenye benchi, nikambebea mkoba, nikamnunulia maziwa na mandazi ambayo hakuyala. Nakala ya kanisa ilikuwa haijapatikana. Tukaambiwa turudi. Tukarudi. Karani alitusaidia kadiri alivyoweza, lakini harusi za Desemba ni nyingi na mafurushi ya makanisa ni mengi. Kila tuliporudi tumbo lilikuwa limesonga mbele, nami nilikuwa nikilitazama kwa siri kama mtu anayetazama saa.

Nakala ilipopatikana nilitafsiri kila kitu: Novemba iliyokatwa, mistari miwili, maneno ya pembeni, sahihi, muhuri mshazari. Viza ikatoka. Akaenda kwa daktari kuomba barua ya kumruhusu kusafiri, na daktari akakataa. Ndege haingempokea katika hali ile, na hata ikimpokea, yeye hataiandika barua hiyo.

Alijifungua mvulana hapa hapa. Mumewe alikuwa chini ya mkataba wa masomo ambao haukumpa nafasi ya kuja. Alimwona mwanawe kwenye picha niliyoituma mimi kwa barua pepe, kwa kuwa nilijitolea, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mtoto alipotolewa cheti, mama alirudi orofa ya tatu, mvulana amefungwa mgongoni kwa leso. Sasa faili lilihitaji cheti cha kuzaliwa cha mtu wa tatu. Nilidhani ameleta maneno yake yote pamoja na cheti kile, nikajiweka tayari.

Nilianza kupiga chapa. Jina. Tarehe. Kwenye mahali pa kuzaliwa nikasita, kisha nikaandika Nairobi kwa Kikorea. Akainama.

"Hapo umeandika nini?"

"Nairobi."

Aliigusa ile nafasi kwa kidole. Mtoto akalia kidogo, akamtikisa akanyamaza.

"Samahani," nilisema. Sikuwa nimelisema hata mara moja tangu mwanzo, kwenye foleni zote zile.

"Najua, Auntie. Watu wa kanisa waliniambia kuna mwingine anafanya hii kazi, kijana mzuri tu." Akavuta kiti, akaketi karibu na bega langu ili aone vizuri. "Nikasema huyo anaweza kuacha kitu. Wewe huwezi tena. Endelea, andika na huo muhuri."