Insha ya Dufie na Kilemba cha Nana

Sisi wauza viazi vikuu wa Kumasi, tukienda kuvutana na halmashauri juu ya ushuru, kila mtu ana kazi yake. Mimi, Konadu, napayuka. Ndiyo niliyopewa, na naifanya kwa raha zangu. Pokuaa analia. Nana, malkia wa wauza viazi, anakaa kimya. Akikifungua kilemba chake na kukifunga upya, tunajua hapo panatosha, tukubali. Wale mabwana wa halmashauri wamekiona kilemba hicho miaka nenda miaka rudi, wakadhani mama wa watu anasikia joto.

Dufie, jirani yangu wa meza, aliyajua hayo tangu anabebwa mgongoni na marehemu mama yake. Asubuhi anauza, mchana anakimbilia chuo kikuu kusomea shahada ya pili. Binti hatulii. Hata akikaa, goti linacheza mpaka viazi vinaporomoka mezani.

Mwaka huu aliomba ruzuku ya kuchunguza jinsi wachuuzi tunavyopatana na wakubwa kwa pamoja. Asipoipata, masomo yanasimama. Wafadhili walitaka insha fupi: unauliza swali gani, utalijibuje, kwa muda gani, na kwa nini wewe. Msimamizi wake alimrudishia ya kwanza. Akamwambia haya hata mtu asiyewahi kukanyaga sokoni angeyaandika, aseme anachokijua yeye. Basi akakaa, akaandika habari za kilemba.

Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa imebaki barua ya ridhaa ya kikundi chetu. Kwa Nana huendi mikono mitupu, wala husemi naye moja kwa moja. Dufie akanunua chupa ya pombe ya kumpa, mimi nikawa msemaji.

Dufie akaisoma insha akiitafsiri kwa Kitwi, lugha yetu, haraka haraka, jicho kwenye saa. Alipofika kwenye kilemba, Nana akaacha kujipepea.

"Konadu, muulize. Hiyo karatasi inasomwa na nani?"

"Inasomwa na nani, wewe?" nikamgeukia.

"Jopo, Mama Konadu. Maprofesa wawili na..." Goti likaanza. "Na ofisa mapato wa halmashauri."

Kikao chetu na huyo huyo ofisa mapato kilikuwa Jumatatu. Nilipandwa na hasira, nikasahau kuwa mimi ni msemaji tu.

"Mtoto, umerogwa? Si ungempelekea kilemba chenyewe kwenye sinia!"

"Majina nimeficha! Nimeandika 'soko moja mjini'."

"Soko moja lenye malkia wa viazi! Hapa yako mangapi?"

"Mama Konadu, bila hicho kipande insha haina kitu. Wataitupa." Machozi yalikuwa yanamlenga.

Nana akaomba wino, akabonyeza dole gumba kwenye barua. "Mwambie ridhaa nimempa. Kitakachobaki humo ataamua mwenyewe. Ni mtoto wetu."

Nilichukia. Nikamfuata Dufie mpaka duka la intaneti, nikasimama nyuma yake nikihema. Alikifuta kile kipande, akakirudisha, akatoka nje kunywa maji, akaingia, akakifuta tena, akakirudisha mara ya pili. Mwenye duka alipoanza kuzima mashine, Dufie akakifuta chote. Mahali pake akaandika kuwa atachunguza jinsi tunavyochagua wasemaji wetu, na kwamba halitachapwa neno kabla sisi wenyewe hatujasomewa. Akatuma. Sikumpongeza.

Jumatatu nilipayuka, Pokuaa akalia, Nana akafunga kilemba upya. "Jamani, washeni feni," akasema ofisa mapato, "Mama anasikia joto." Ushuru haukupanda. Dufie alikuwa kiti cha nyuma, hakuthubutu kuniangalia.

Jibu la wafadhili lilikuja mvua zilipoanza. Pendekezo limepangwa vizuri, walisema, ila mwombaji hajaonyesha anachokijua ambacho wengine hawakijui. Anaweza kuomba tena mwakani. Dufie akaniletea simu nisome, kisha akaanza kupanga viazi, akavipangua, akavipanga tena. Nilimwonea uchungu mpaka nikashindwa kupayuka.

Nikampeleka kwa Nana. Safari hii hatukuwa na chupa.

"Mwambie mwakani akiandike hicho cha kilemba," Nana akasema. "Chote, asibakishe. Sisi kuanzia leo tuna kingine cha kupeana ishara."

"Kipi, Nana?" Dufie akaropoka, amenipita mimi msemaji kana kwamba sipo.

Nikajiandaa kumkemea. Lakini Nana alimshika mkono, akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni. Nikaliangalia lile goti. Lilikuwa limetulia.