Mkufu wa Majani ya Shaba

Mama mkwe aliniajiri kabla hajanikubali kuwa mke wa mwanawe. Duka lake la mapambo ya kale lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya fundi cherehani, na ngazi zake zilimchagulia wateja: asiyependa kweli hapandi. Sikuwa nimesoma. Aliniweka mbele ya sinia la vitu vilivyochanganyika, akasema, "Tenganisha vya zamani na vya jana. Ukikosea nitakuchapa kwa ulimi tu."

Alinichapa miaka miwili. Hakuna dhahabu pale, wala almasi. Ni shaba iliyochovywa dhahabu na vioo vya rangi, lakini viko vilivyotengenezwa na mtu aliyejali, na viko vya kumwagwa kwenye pakiti dazeni kwa dazeni. Alinifundisha kugeuza kitu kabla sijakisifia. "Mbele kila mtu anajipodoa, mwanangu. Tazama mgongo." Mgongo wa kazi nzuri umesuguliwa laini kama uso wake. Kwenye nakala utakuta mstari wa kalibu ya kumiminia, pale nusu zake mbili zilipokutana, umeachwa ubavuni, na vishimo kama vya ndui. Jiwe la kale limeshikwa kwa kucha ndogo za chuma. La siku hizi limebandikwa kwa gundi. Kioo kikigusa shavu ni baridi, plastiki ina uvuguvugu. Uzito alinikataza kuuamini peke yake, maana wapo wajanja wanaomimina madini mazito ya kijivu na kuyapaka manjano.

Lakini kwanza kabisa tulitazama kifungo. Ndiyo ilikuwa mila ya duka. Mkufu wa zamani mara nyingi hufungwa kwa kisanduku kidogo, na ulimi wa chuma unaoingia ndani na kulia tik. Wa siku hizi una kile kidude cha springi cha kuvuta kwa ukucha, kinachouzwa kwa gramu.

Mama mkwe mwenyewe alivaa mkufu mmoja maisha yake yote. Majani kumi na tisa ya shaba iliyochovywa dhahabu nzito, kila jani na kioo cha buluu, na pete zinazoyaunganisha zimechomelewa zisifunguke. Kwenye majani yanayogusa mfupa wa shingo dhahabu ilikuwa imelika polepole, shaba ikichungulia. Aliposhindwa kupanda ngazi, na mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha miezi kumi na minne, alisema mbele ya wanawe wote wawili, "Duka ni la binti yangu. Mkufu ni wa huyu." Mume wangu aliitikia. Wifi yangu aliitikia pia, akitazama kucha zake.

Baada ya maziko tulikaa sebuleni, wakwe wote wamejaa. Wifi alinikabidhi kijisanduku. Ndani, mkufu umefungwa kwenye leso. Macho yangu yalikuwa yamevimba kwa kulia, na watu walikuwa wananitazama mikono. Nikianza kupindua urithi kama bidhaa ya sokoni, si wangesema, "Tazama tamaa yake"? Nilifunua ncha ya leso tu, nikatazama kifungo. Kilikuwa chenyewe. Ulimi wake ulikuwa na alama ya koleo upande, niliyoiacha mimi mwenyewe nilipounyoosha miaka iliyopita.

"Umeridhika, shemeji?" mzee mmoja aliuliza.

"Nimepokea. Nimeridhika," nikasema, mbele ya watu kumi na wanane.

Ndilo neno linalonila hadi leo.

Niliuvaa siku ya jua kali, wiki ya pili. Nilipoinama kufunga kiatu, kioo kimoja kikaanguka sakafuni bila mlio. Kioo huanguka na mlio. Nikaokota: plastiki. Mahali kilipotoka palikuwa na tone la gundi limekauka kama makamasi. Niligeuza mkufu mzima. Mstari wa kalibu, pete zimebanwa tu bila kuchomelewa, na manjano yanabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, chini kijivu. Kila kitu kilikuwa cha jana isipokuwa kifungo. Wifi alijua nitatazama wapi. Tulifundishwa na mama mmoja.

Nikamfuata dukani.

"Wifi, mkufu wa mama uko wapi?"

"Si uko kwako? Ulisema mwenyewe umeridhika."

"Umehamisha kifungo."

"Haya basi, kawaite wale watu kumi na wanane, uwaeleze mambo ya vifungo. Watakuletea na mganga."

Mume wangu nilimweleza jikoni. Aliendelea kumenya chungwa. "Bati ni bati, mama watoto. Utanigombanisha na dada yangu kwa ajili ya bati?"

Sikuacha kazi. Watu huniuliza kwa nini. Ningekwenda wapi, na jicho lisilo na cheti?

Mwezi mmoja baadaye, wifi akiwa ametoka kupeleka mzigo, alipanda msusi mmoja wa mtaa wa pili, anatweta, na mfuko mkononi.

"Dada, nimekuja kugombana, ila acha kwanza nipumue. Ngazi zenu hizi zinamtetea mwenye duka!" Akamwaga mkufu juu ya kaunta. "Wifi yako aliniuzia hiki kwa bei ya kale. Shoga yangu amenicheka hadi kalala chini. Anasema tazama kifungo, ni cha springi, umeuziwa feki. Sema kweli. Ikiwa ni feki nirudishieni pesa yangu, na mkufu baki nao."

Niliutambua kabla haujatulia juu ya kaunta, kwa mlio wake. Majani kumi na tisa.

Nieleze wazi jambo lilivyokuwa. Ufunguo wa droo ya pesa ulikuwa shingoni mwangu. Neno moja tu, "feki," ningemrudishia pesa ya wifi, angeshuka ngazi akinishukuru, na mimi ningekwenda nyumbani na urithi wangu. Hakuna ambaye angeniita mwizi, na kama yupo, ni mwizi mwenzangu.

Nikafungua mdomo. Lakini mkono ulikwisha kuupindua mkufu, kwa mazoea, na kidole kikaanza kuonyesha chenyewe.

"Tazama mgongo," nikasikia sauti yangu ikisema. "Hamna mstari wa kalibu. Hizi ni kucha, hesabu, nne kila jiwe. Gusisha shavuni. Baridi, sivyo? Na hapa dhahabu imelika, si kubanduka. Kifungo kimebadilishwa tu. Shoga yako ametazama mlango akadhani ameona nyumba."

Msusi akacheka kwa furaha. "Mungu wangu! Kumbe shoga ndiye feki!"

"Ulikuwa wa mama mkwe wangu," nikasema. "Aliniachia mimi. Waliniibia."

Kicheko kikamkauka. Alinitazama, akautazama mkufu, na nikaona mkono wake ukiuvuta taratibu upande wake wa kaunta.

"Pole sana, dada," akasema. "Pole mno. Lakini mimi nilinunua, jamani. Nililipa."

"Najua."

Akauvaa palepale. Ulimkaa vizuri, sitadanganya. Alishika kile kidude cha springi nyuma ya shingo, akakunja uso.

"Na kile cha zamani kiko wapi? Kikirudishwa si utakamilika?"

Nilikuwa nimekichomoa kwenye ile nakala; kilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kaunta, karibu na goti langu.

"Sijui," nikamwambia. "Nenda, nafunga."