Mwezi Si Sababu

Sera ya safari ya kampuni yetu niliiandika mimi, na sioni haya kusema kwamba niliiandika vizuri. Kabla yangu kila mtu alisafiri anavyojua: huyu anakata tiketi siku moja kabla, yule anakaa daraja la mbele halafu anatuletea risiti huku anacheka. Nilikomesha. Daraja la kawaida, nauli ya chini kabisa iliyopo siku hiyo, tiketi ikatwe siku kumi na nne kabla ya safari. Unalipa mwenyewe, ukirudi unaleta risiti, tiketi na kipande cha kupandia ndege, nawe unarejeshewa. Nauli inayobadilishika tarehe ni ghali, kwa hiyo huipati bila kibali cha mkurugenzi, na maombi yake yanapitia kwangu.

Sisi ni kampuni ya samaki na kamba hapa Bagamoyo. Fundi wetu wa vyumba vya baridi ni mtu wa Kaole, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mpole mpaka wakati mwingine ananiudhi. Mwaka mmoja alitakiwa Mwanza kufunga mtambo, kazi ianze Jumatatu. Nilitazama nauli nikaona Jumapili iko juu na Jumamosi iko chini, nikampangia Jumamosi saa nne asubuhi.

Aliomba nauli ya kubadilishika. Kwenye sehemu ya sababu aliandika kwamba anamwoza binti yake Idi Mosi, na mwezi haujulikani. Nilichukua kalenda ya ukutani. Idi ilikuwa Ijumaa, imeandikwa kwa wino mwekundu. Nikaandika pembeni ya fomu yake, kwa mkono wangu: mwezi si sababu.

Niliandika hivyo mimi, mtoto wa Bagamoyo, niliyekua nikipanda juu ya paa na ndugu zangu kutafuta mwezi kila mwisho wa Ramadhani. Ofisi inaweza kumsahaulisha mtu hata alikozaliwa.

Alhamisi jioni mwezi haukuonekana. Tukala futari tukijua kesho tunafunga, na Idi ni Jumamosi.

Ijumaa asubuhi fundi alikuja mezani kwangu. Alinieleza taratibu, kama anayeeleza hitilafu ya mtambo: watu wamealikwa Idi Mosi, leo ni mfungo na hakuna wa kumpikia pilau, na bwana harusi ni askari wa hifadhi Saadani, zamu yake inaanza Idi Pili. Akauliza kama anaweza kwenda Jumapili.

Nilimjibu kwa kujiamini kabisa, maana sera nilikuwa naijua kwa moyo. Tiketi yake haibadilishwi wala hairudishiwi fedha. Asipotokea uwanjani, nauli imepotea na hatarejeshewa. Tiketi mpya ni juu yake. Yote hayo yalikuwa kweli. Kilichokuwa kweli pia ni kwamba kifungu cha mwisho kinamruhusu mkurugenzi kuidhinisha safari nje ya masharti, kwa maandishi, kabla ya safari. Mkurugenzi alikuwa Dar, simu yake iko wazi. Sikumpigia. Nilijiambia nikifungua mlango huo kwa mmoja, wote watapita.

"Haya, dada," alisema. "Nimekuelewa."

Jumatatu ya wiki ya pili, aliporudi kutoka Mwanza, aliniletea madai yake. Kwa miaka yote ile sikuwahi kupokea fomu safi namna hiyo: risiti, tiketi, kipande cha kupandia ndege cha Jumamosi, gharama ya mzigo wa vifaa vya kazi imetenganishwa na ya begi lake. Hakuna nilichoweza kukirudisha. Nikamuuliza harusi. Akasema ilikwenda vizuri, alimwachia mdogo wake uwakala akaozesha kwa niaba yake. Yeye wakati huo alikuwa kwenye foleni ya ukaguzi uwanjani.

Nilitia sahihi. Niliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kusema tu. Siku hiyohiyo niliandika kifungu kipya: safari inayoangukia siku tatu za kuzunguka Idi inakatiwa nauli ya kubadilishika, bila kuomba. Mkurugenzi alikipitisha bila swali hata moja, akashangaa kwa nini hakikuwepo. Angeniruhusu hata ile Ijumaa.

Nilichapisha ukurasa ule nikaupeleka mwenyewe hadi chumba cha mitambo. Fundi aliusoma wote, akafuta mafuta mikononi ndipo akanirudishia. Nikamwomba radhi.

"Kifungu kizuri, dada," alisema. "Kitamfaa mwenye binti mwingine. Mimi nilikuwa naye huyo mmoja."

Kisha akawasha mtambo aliokuwa akiutengeneza, nami nikarudi ofisini.